Gemu ya 480 kwa 270 kwenye monita ya 1440: filta ya kunoa ilizidisha tatizo, hesabu ya kugawanya ikalimaliza

Jamaa yangu mmoja tunayecheza naye gemu alihama kutoka monita ya 1920x1080 akaingia kwenye ya 2560x1440, inchi 27, siku ya tatu tu akaniandikia "kaka hii monita mpya mbona gemu imekuwa na ukungu, ile ya zamani ilikuwa safi". Gemu yenyewe ni ya sanaa ya pikseli, ya kuruka na kupanda majukwaa, imechorwa kwa 480x270. Kabla hajaniandikia alikuwa ameshaingia kwenye menyu ya monita akapandisha Sharpness kutoka 50 hadi 80, na alisema kidogo imesaidia ila sasa wahusika wana mstari mweupe umewazunguka kama wamekatwa kwa mkasi wakabandikwa. Nimeandika kisa chote hapa kwa sababu kilikuwa na tabaka tatu zimelaliana, kila ukitoa moja unaona nyingine chini yake, na nimeona watu wengi wanaishia tabaka la kwanza wanasema basi ndo hivyo monita kubwa haziwezi gemu za zamani. Zinaweza.

Tuanze na kugawanya maana ndo mzizi wa yote. Gemu ya 480x270 ukiiweka kwenye 1920x1080, 1080 gawa kwa 270 unapata 4 kamili, hakuna kinachobaki, kwa hiyo kila pikseli ya gemu inakuwa mraba wa pikseli 4 kwa 4 za skrini na picha inatoka kama ilivyochorwa. Hii ndo inaitwa kukuza kwa namba nzima. Ukienda 3840x2160 unapata 8 kamili, poa pia. Shida ni huyu wa katikati, 1440 gawa kwa 270 ni 5.33, na hiyo 0.33 ndo inayoleta matatizo yote kwenye kisa hiki, kwa sababu skrini haina theluthi ya pikseli, sasa lazima mtu fulani kati ya gemu na jicho lako aamue theluthi hiyo inaenda wapi. Ndo maana watengenezaji wengi wanapenda 640x360, yenyewe inaingia mara 3 kwenye 1080, mara 4 kwenye 1440 na mara 6 kwenye 2160, haibaki kitu popote. Hii ya jamaa haikuchorwa hivyo na hatuwezi kuichora upya.

Theluthi ikibaki kuna njia mbili za kawaida za kuitupa na zote mbili zina ubaya wake. Ya kwanza ni kuchagua pikseli iliyo karibu tu, bila kuchanganya rangi. Hapo pikseli tatu za gemu zinagawana pikseli 16 za skrini, zinakuwa 5, 5 na 6. Ukisimama huoni sana, ila ukianza kutembea ule mstari wa tofali kwenye ukuta unakuwa na upana wa 5, halafu 6, halafu 5 tena kadri kamera inavyosogea, na macho yanaona kama maji yanapita juu ya ukuta. Ukiona uso wa mhusika jicho moja nene kuliko lingine, na akipiga hatua jicho nene linahamia upande wa pili, ujue ni hii. Njia ya pili ni kuchanganya, bilinia, ambapo kila pikseli ya skrini inachukua wastani wa majirani kulingana na umbali, hapo upana unakuwa sawa lakini mpaka kati ya rangi mbili unatandazwa kwenye pikseli tano na kidogo, yaani hakuna sehemu yenye rangi tupu kabisa, pikseli nzima ya gemu inakuwa ni mteremko. Jamaa alichokuwa anakiona ni hii ya pili.

Sasa nilimwambia anipigie skrinshoti, aisevu kwa PNG sio JPG kwa sababu JPG yenyewe inaongeza takataka kwenye kingo, halafu apige na picha ya skrini hiyohiyo kwa simu. Hivi vitu viwili vinaonekana sawa ila havifanani hata kidogo, na hapa ndo pa kuelewa vizuri. Picha inasafiri: gemu inaichora na kuikuza, mfumo wa madirisha unaipokea na pengine kuikuza tena, kisha kadi ya grafiksi inaitoa nje na kama rezolusheni ni ndogo inaikuza yenyewe au inamwachia monita, na mwisho monita inaipitisha kwenye filta zake za ndani. Skrinshoti inachukuliwa katikati ya safari, baada ya mfumo wa madirisha lakini kabla ya kukuza kwa kadi na kabla ya monita. Kwa hiyo ubaya uliopo kwenye skrinshoti umetokea kwenye gemu au kwenye mfumo, na ubaya ambao jicho linauona lakini skrinshoti haina umetokea kwenye kadi au kwenye monita. Kwa faili moja umeshakata nusu ya washukiwa.

Nikazikuza kwenye programu ya kuhariri picha hadi asilimia 800 (sio kwenye kionyeshi cha picha cha kawaida, vingi vinalainisha ukikuza, utapima ukungu wa kionyeshi badala ya wa gemu). Kwenye skrinshoti ukungu upo, mteremko mrefu kati ya ukuta mweusi na dirisha. Ila ile mistari myeupe haipo. Kwenye picha ya simu ipo, wazi kabisa. Basi ukungu ni wa gemu au mfumo, na mistari ni ya ile Sharpness 80 ya monita. Matatizo mawili tofauti, na la pili amejitengenezea akijaribu kutibu la kwanza.

Acha nieleze kwa nini haikutibu, maana hapa watu wanabishana sana na ni hesabu ya darasa la tano. Chukua mpaka mmoja, ukuta una mwanga 40 na dirisha lina 200 (kipimo ni 0 mpaka 255). Bilinia imetandaza mpaka ule, namba nimezizungusha kidogo zieleweke, ukisoma kutoka kushoto unapata hivi:

```
40  40  80  120  160  200  200
```

Filta ya kunoa ya kawaida inafanya kitu kimoja, inaangalia pikseli na majirani zake wa karibu, kama pikseli ni nyeusi kuliko wastani wa majirani inaizidisha weusi, kama ni nyeupe kuliko wastani inaizidisha weupe. Sasa angalia ile 120 ya katikati, majirani zake ni 80 na 160, wastani wao ni 120. Hakuna tofauti. Filta haigusi kitu. 80 nayo ina 40 na 120, wastani 80, haigusi. 160 vivyo hivyo. Yaani ule mteremko ambao ndo ukungu wenyewe, filta inaupita kama haupo, kwa sababu mteremko ulionyooka hauna kona ya kunoa. Kona zipo mwanzoni na mwishoni tu, ile 40 ya pili ina majirani 40 na 80 kwa hiyo inashushwa, na ile 200 ya kwanza inapandishwa. Kwa nguvu ya wastani unapata hivi:

```
40  20  80  120  160  220  200
```

Ukungu uko palepale, 80 120 160, halafu umeongezewa mstari mweusi upande mmoja na mstari mweupe upande wa pili. Ndo ile ya kukatwa kwa mkasi. Jicho linadanganyika kidogo kwamba kumekuwa na makali kwa sababu tofauti ya mwanga imeongezeka, ndo maana alisema "kidogo imesaidia", ila hakuna taarifa iliyorudi. Filta inaangalia pikseli moja moja za jirani wakati ukungu una upana wa pikseli tano, haiwezi kujua kwamba mpaka wa kweli ulikuwa pale katikati.

Kuna filta za kisasa zenye adabu zaidi, CAS ya AMD kwa mfano inapunguza nguvu yake pale ambapo tofauti ya mwanga tayari ni kubwa, mistari inapungua sana. Lakini kupungua kwa mistari sio kurudi kwa mpaka. Na ukiiweka filta kali juu ya picha ambayo tayari imekuzwa vizuri kwa namba nzima ndo mbaya kuliko, maana hapo 40 inakutana na 200 moja kwa moja, kona ni kali mno, 40 inashuka hadi 0 na 200 inaruka hadi 255, unachora wino mpya ambao msanii hakuuchora.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ilikuwa kurudisha monita mahali pake. Hapa angalizo, sio kila monita sifuri ndo safi. Kwenye nyingi namba isiyogusa picha ipo katikati ya kipimo, ukishuka chini yake inaanza kulainisha, na nyingine kweli sifuri ndo haigusi. Njia ya kujua ni kufungua maandishi madogo meusi kwenye kijivu hafifu, kwa rezolusheni halisi ya monita, halafu unashusha polepole: mwanzoni herufi zina ukingo mweupe, kuna mahali ukingo unapotea, ukiendelea kushuka herufi zinaanza kuwa nyororo. Unataka pale ukingo unapopotea. Tumia kijivu sio nyeupe tupu, kwenye nyeupe tupu mstari mweupe hauonekani maana hakuna weupe zaidi ya hapo. Kwake ilikuwa 50, namba aliyoikuta siku ya kwanza.

Mistari ikaisha, ukungu ukabaki. Akasema basi nimeona kwenye drayva kuna Integer scaling, naiwasha. Hiyo kitu ipo kwenye kadi za Nvidia kuanzia familia ya Turing, iliingia kwenye drayva Agosti 2019, AMD wakaweka ya kwao Desemba mwaka huohuo na Intel nao mwaka huo. Akaiwasha, akafungua gemu, hakuna kilichobadilika hata kidogo. Akadhani kadi ina hitilafu.

Haina. Ile ya drayva inafanya kazi pale tu gemu inapoiomba kadi itoe rezolusheni ndogo kuliko ya monita, mfano gemu ya zamani inayofungua skrini nzima kwa 640x480, hapo drayva ndo inayokuza na ndo inaweza kuchagua namba nzima. Lakini gemu nyingi za pikseli za siku hizi hazifanyi hivyo, zinachora 480x270 ndani kwa ndani, halafu zinaikuza zenyewe na kukabidhi picha iliyokwishajaa skrini. Kwa drayva hiyo ni 2560x1440 ndani ya 2560x1440, kukuza kwa 1, kazi hamna. Ukitaka kujua gemu yako ni ya aina gani, fungua menyu ya monita yenyewe yale maelezo ya ishara inayoingia, ila ukiifanya hivyo zima kwanza kukuza kwa kadi mwachie monita, la sivyo itasema 2560x1440 kwa kila kitu. Ikisema 2560x1440 gemu ikiwa wazi, drayva haihusiki, tatizo lipo juu yake.

Watu wengine hapa wanashauri punguza rezolusheni ya gemu hadi 1920x1080 ili ikuze mara 4 vizuri halafu drayva imalizie. Fikiria kidogo: 1440 gawa 1080 ni 1.33, drayva kwenye namba nzima itachukua 1, kwa hiyo utapata picha safi kweli ila ya 1920x1080 katikati ya skrini ikiwa na weusi wa pikseli 320 kila upande na 180 juu na chini. Umenunua inchi 27 unacheza kwenye 20. Ni njia ya kupima kama gemu ina uwezo wa kutoa picha safi, sio ya kukaa nayo.

Tukaingia kwenye setingi za gemu yenyewe. Ilikuwa na swichi ya kuchagua kati ya kujaza skrini na kukuza kwa namba nzima, imekuja ikiwa kwenye kujaza. Kwenye 1080 hakuwahi kuiona tofauti kwa sababu kujaza na namba nzima vilikuwa kitu kimoja, mara 4, hakukuwa na theluthi ya kuchanganya, kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa kwenye kujaza bila kujua na haikumdhuru. Tukaweka namba nzima. Nikamwambia kabla hujaangalia tupige hesabu: 5 mara 480 ni 2400, 5 mara 270 ni 1350, kwa hiyo unatakiwa uone weusi wa 80 kushoto na kulia na 45 juu na chini. Akapiga skrinshoti nikapima. 80 na 45, kamili.

Nikadhani tumemaliza, ila akasema bado kuna kitu, imekuwa nzuri sana lakini sio kama ile ya zamani. Mi nikataka kumwambia ni macho tu, monita kubwa, umeizoea ile. Bahati nzuri skrinshoti ilikuwa bado imefunguka nikasoma rangi kwa kidonesha rangi kwenye mpaka uleule wa ukuta na dirisha. Ilitakiwa iwe 40 hadi mwisho halafu 200 ghafla. Nikakuta hivi:

```
40  40  40  56  184  200  200
```

Ile 56 na 184 hazitakiwi kuwepo. 56 ni 40 iliyochanganywa na asilimia 10 ya 200, na 184 ni 200 iliyochanganywa na asilimia 10 ya 40. Kila mpaka, kila mahali, asilimia 10 ileile. Gemu inayokuza mara 5 bila kuchanganya haiwezi kutoa namba hizo, kwa hiyo kuna mtu wa pili amekuza baada yake. Na bado vipimo vya nje vimelingana, 80 na 45. Hapo nilikaa kidogo.

Nikamuuliza umeweka Scale, yaani ukubwa wa maandishi na programu, kiasi gani kwenye Windows, akasema 125%, herufi zilikuwa ndogo mno kwake. Hilo ndo lilikuwa jibu. Gemu ambayo haijajitangaza kwamba inaelewa ukubwa huo, mfumo unaidanganya kwa wema: unaiambia skrini ni ndogo, 2560 gawa 1.25 ni 2048, 1440 gawa 1.25 ni 1152, gemu inachora kwenye 2048x1152 halafu mfumo unaitandaza kwa 1.25 kwa kuchanganya rangi. Sasa 1152 gawa 270 ni 4.27, gemu kwa utiifu ikachukua 4, ikachora 1920x1080 na weusi wa 64 na 36. Mfumo ukazidisha kila kitu kwa 1.25. Nne mara 1.25 ni 5. Sitini na nne mara 1.25 ni 80. Thelathini na sita mara 1.25 ni 45. Yaani vipimo vyote vya nje vikaangukia palepale pa jibu sahihi kwa bahati ya hesabu tu, na ndani mipaka imechanganywa. Ukipima fremu peke yake unadanganyika kabisa, ndo maana toka siku ile mi sipimi fremu bila kusoma rangi ya mpaka.

Na hii ilikuwepo tangu mwanzo, ila ule mteremko wa pikseli tano ulikuwa mkubwa mno, huo mchanganyo mdogo ulikuwa umejificha chini yake.

Dawa yake, unabofya kulia faili la gemu, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, unaweka tiki kwenye Override high DPI scaling behavior na unachagua Application. Maana yake gemu iambiwe ukweli kuhusu skrini. Huna haja ya kurudisha mfumo mzima 100% na kuumiza macho kwenye kusoma. Akafungua tena, ukubwa haukubadilika hata pikseli moja, weusi uleule 80 na 45, ila mpaka sasa ukasoma 40 40 40 200 200. Akaandika tu "ndo hii".

Wale wa Linux hii tabaka mnaweza kuikwepa kwa kuipa gemu skrini yake ya uongo mnayoitawala wenyewe, gamescope inafanya hivyo:

```
gamescope -w 480 -h 270 -W 2560 -H 1440 -S integer -F nearest -f -- ./gemu
```

Hapo w na h ndogo ni skrini ambayo gemu inaiona, kubwa ni monita. Usisahau -F nearest, ukiacha inatumia kuchanganya, na hakikisha gemu imeiona hiyo 480x270 kweli kwa sababu nyingine zina ukubwa wa chini zinaoukubali, ikikataa mpe 960x540 ikuze mara 2 lakini ujue gamescope itamalizia kwa mara 2 tu, jumla 4, sio 5.

Likabaki swali la weusi pembeni. Picha ya 2400x1350 inatumia asilimia 88 ya eneo la skrini, na kuna watu hawawezi kuvumilia fremu nyeusi, hasa usiku ambapo weusi wa paneli ya kawaida unang'aa kijivu. Kwa hao kuna njia ya katikati ambayo kwa maoni yangu ni nzuri kuliko inavyopewa sifa, inaitwa sharp-bilinear, ipo kama sheda kwenye RetroArch na ipo pia kwenye programu za kukuza dirisha kama Lossless Scaling na Magpie. Inakuza kwanza mara 5 bila kuchanganya, inapata 2400x1350, halafu ile tofauti ndogo ya kufika 2560x1440 ndo inaifanya kwa kuchanganya, na hiyo ni kukuza kwa 1.07 tu. Matokeo yake mchanganyo unakaa kwenye pikseli moja ya skrini kwa kila mpaka, mara chache mbili, badala ya tano, na upana wa pikseli zote za gemu unakuwa sawa kwa macho, ule mtiririko wa maji kwenye ukuta hauonekani. Kwenye inchi 27 za 1440 pikseli moja ni kama robo ya milimita, ukikaa umbali wa kawaida huioni. Ukilinganisha na kujaza kwa 5-5-6 hakuna mashindano.

Tulijaribu. Picha ilikuwa nzuri na mi ningeibakiza, ila programu hizo zinafanya kazi kwa kuchukua picha ya dirisha la gemu na kuichora upya, kuna kuchelewa kidogo kunaongezeka, na kwenye gemu ya kuruka kwa wakati sahihi jamaa alikuwa anaanguka pale ambapo huwa haanguki. Akarudi kwenye mara 5 na weusi wake. Tulipokuwa humohumo tukajaribu na FSR, teknolojia ya AMD ya kukuza picha, kwa kutaka kuona tu. FSR ya kwanza imetengenezwa kwa picha ambazo ngazi za kingo zimeshalainishwa, inatafuta mwelekeo wa ukingo na kuufuata, sasa kwenye sanaa ya pikseli ngazi ndo mchoro wenyewe, ikaona ngazi za paa ikazigeuza mteremko laini, ikaja kwenye maandishi ambayo herufi zina urefu wa pikseli tano ikaziyeyusha, e na a huwezi kutofautisha. Ukiona gemu ya pikseli imekuwa kama imechorwa kwa rangi za maji, kuna filta ya aina hiyo imewashwa mahali, tafuta.

Wiki iliyofuata akanirudia na gemu nyingine, hii ni ya vitu vya 3D, nzito kwa kadi yake, anataka kuicheza kwa 1920x1080 kwenye monita hiyohiyo ya 1440, akauliza naweka namba nzima na hii? Hapana, hii ndo sehemu ya kunoa. Kukuza hapa ni 1.33 tu, mteremko wa bilinia una upana wa pikseli moja na kidogo, na filta inayoangalia majirani wa karibu inaufikia mpaka wenyewe, haibaki kuchora mistari kwenye ncha. Picha pia haikuchorwa pikseli kwa pikseli, hakuna ngazi ya kulinda. Kwa hiyo hapo FSR au NIS ya Nvidia zinafanya kazi zilizotengenezewa, ila anza na nguvu ndogo na uangalie waya za umeme na matawi ya miti dhidi ya anga, mstari mweupe ukianza kuonekana pembeni ya waya rudi nyuma kidogo. Na kama unatumia gamescope kumbuka kipimo chake cha `--sharpness` kimegeuzwa, 0 ndo kali kuliko zote na 20 ndo ndogo kabisa, ukiweka 2 ukidhani unaanza chini miti yote itatoka na ukingo mweupe, anzia kwenye 15 hivi.